Mjomba Aliyefika Saa Nane za Usiku

Karatasi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na sentensi saba tu. Mwenyewe ni binti anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja upande wa Watamu. Kiitaliano amekiokota kwa masikio kabla ya kukishika kwa kalamu, kama wengi wa huku kwetu Malindi, ambako Waitaliano wamekuwa wakija na kujenga tangu miaka ya 1960. Kuzungumza anazungumza, tena bila woga. Sasa anataka kuandika, kwa sababu nafasi anayoitafuta ni ya kujibu barua za wageni kabla hawajapanda ndege. Nikamtungia kifungu kifupi cha Kiswahili, cha mambo ya nyumbani, nikamwambia akifasiri bila kuangalia kamusi.

Kifungu chenyewe ni hiki: “Jana saa mbili usiku mjomba alibisha hodi. Mama alikuwa anapika wali. Mjomba alikuwa amevaa kanzu nyeupe na alikuwa amechoka. Akasema, ‘Nimeibiwa simu sokoni.’ Mama akamwambia, ‘Pole sana. Karibu chakula.’ Mimi nikapewa kazi ya kuleta maji. Napenda sana samaki wa mama.”

Naye akaniletea hivi: “Ieri alle due di notte mio zio ha bussato hodi. Mama ha cucinato il riso. Zio ha indossato un vestito bianco e ha stancato. Ha detto: ‘Sono stato rubato il telefono al mercato’. Mama ha detto lui: ‘Mi dispiace molto. Benvenuto cibo’. Io sono stata data il lavoro di portare acqua. Io piaccio molto il pesce di mama.”

Ningechukua kalamu nyekundu, isingebaki sentensi hata moja safi. Na mwanafunzi akiona karatasi imejaa damu namna hiyo, haoni tena kosa lipi ni zito na lipi ni jepesi. Anachokiona ni kwamba hajui. Kwa hiyo nasahihisha kwa njia nyingine, na kwa miaka yote niliyofundisha sijapata iliyo bora kuliko hiyo. Nasoma kwanza mpaka mwisho bila kalamu mkononi. Halafu nachukua penseli, na pembeni ya kila sentensi naandika kwa Kiswahili kile ambacho Mwitaliano angekielewa akisoma maneno yale. Neno “kosa” siliandiki popote. Namrudishia sentensi yake katika lugha anayoijua kuliko mimi ninavyoijua yake ya kujifunza, na sikio lake lenyewe linamwambia penye kasoro.

Pembeni ya sentensi ya kwanza niliandika: “Jana saa nane za usiku mjomba alibisha.” Aliposoma alishika kichwa. “Mwalimu, saa nane usiku? Huyo si ana msiba!” Ndivyo Mwitaliano angewaza. “Alle due di notte” ni saa ya kupigiwa simu ya hospitali. Alikuwa amefasiri “mbili” kwa “due”, bila kugeuza saa. Saa mbili usiku ya kwetu kwao ni “le otto”. Na kuongeza au kutoa sita hakutoshi, kwa sababu neno linalofuata nalo linabadilika. Sisi giza likishaingia tunasema usiku, wao wakati huo wa chakula na mazungumzo wanauita “sera”. “Notte” wanaiacha kwa saa ambazo watu wamelala. Kwa hiyo saa mbili usiku ni “le otto di sera”, lakini saa saba usiku ni “l’una di notte”, na saa kumi alfajiri ni “le quattro di mattina”. Katika sentensi yake inatosha kusema “ieri sera alle otto”.

Kosa hili wanafunzi wengi wanalionea haya, kana kwamba hesabu yetu ya saa ndiyo iliyopinda. Huwa nawaeleza kuhusu saa iliyo ndani ya kanisa kuu la Firenze, juu ya mlango mkubwa. Uso wake ulichorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Inahesabu saa 24, na saa ya mwisho ya siku ni ile ya jua kuzama. Waitaliano walihesabu hivyo kwa karne nyingi, siku mpya ikianza magharibi kama inavyoanza kwetu. Wao waliiacha hesabu hiyo, sisi tumebaki nayo.

Sentensi ya pili na ya tatu zina ugonjwa mmoja. Pembeni niliandika: “Mama alipika wali. Mjomba akavaa nguo nyeupe na akachosha.” Yaani mgeni anabisha, mama anaanza kupika na kumaliza, kisha mjomba anabadilisha nguo ukumbini, halafu anamchosha mtu asiyetajwa. Kifungu hakikusema hivyo. Mama alikuwa katikati ya kupika hodi ilipobishwa, na kanzu ilikuwa mwilini tangu mjomba alipotoka kwake.

Kiini chake ni kile kiambishi chetu cha -me-. Mwanafunzi anafundishwa mapema kwamba “amefika” ni “è arrivato”, naye anachukua kanuni hiyo na kuipeleka kila mahali. Lakini -me- ina kazi mbili. Katika “amefika” inasema tendo limekwisha. Katika “amevaa”, “amechoka”, “amelala”, “amesimama” inasema mtu yumo katika hali hiyo mpaka sasa. Kiitaliano kinazitenganisha kazi hizo mbili. Hali inaelezwa kwa wakati uliopo, “porta una camicia”, “è stanco”, “dorme”, “è in piedi”, na ikiwa ni hali ya wakati uliopita, inaelezwa kwa ule wakati wao wanaouita imperfetto: “portava”, “era stanco”, “dormiva”.

Mtu atajuaje ni -me- ipi? Kipimo ninachowapa ni neno “bado”. Liweke mbele ya kitenzi usikilize. “Bado amevaa kanzu” inakubalika. “Bado amechoka” inakubalika, na “bado amelala” pia. Jaribu sasa “bado amefika”. Sikio linakataa. Ikikubali “bado”, ni hali. Ikikataa, ni tendo. Binti alijaribu mwenyewe kwa vitenzi kumi hivi pale mezani, hakukosa hata kimoja, kwa kuwa hilo analijua tangu utotoni. Kisha akaandika: “La mamma stava cucinando il riso. Lo zio portava un kanzu bianco ed era stanco.” Kanzu nilimshauri aiache kanzu. “Vestito bianco” ingemfanya Mwitaliano amwone mjomba ndani ya suti ya harusi.

Sasa tufike kwenye sentensi iliyonifanya nikipende kifungu hiki. “Sono stato rubato il telefono.” Pembeni niliandika: “Nimeibwa simu.” Aliisoma, akacheka. “Nimeibwa mimi? Nani aniibe, Mwalimu, mimi gunia la mchele?”

Palepale alikuwa ameshapata somo lote, ila hakujua. Kiswahili kinatofautisha “nimeibwa” na “nimeibiwa”. Aliyeibwa amebebwa yeye. Aliyeibiwa yupo, ila kitu chake kimekwenda. Tofauti yote imebebwa na irabu moja, ile -i- ya kauli ya kutendea, inayosema kwamba jambo limempata mtu fulani, limemfaa au limemdhuru. Kiitaliano hakina irabu hiyo ndani ya kitenzi, lakini kazi yake wanayo, na wameipa vineno vidogo vinavyosimama mbele ya kitenzi: “mi” kwa mimi, “ti” kwa wewe, “gli” kwa yeye mwanamume, “le” kwa yeye mwanamke, “ci” kwa sisi, “vi” kwa ninyi. Kwa hiyo “nimeibiwa simu” inakuwa “mi hanno rubato il telefono”. Ukitafuta -i- ya Kiswahili utaikuta imehamia kwenye “mi”.

Aliniuliza swali ambalo kila mwanafunzi makini huuliza: “Hao ‘hanno’ ni nani? Mwizi anaweza kuwa mmoja.” Hajulikani, na ndiyo sababu. Mtendaji asipojulikana sisi tunatumia kauli ya kutendwa na kumfuta kabisa. Waitaliano mara nyingi wanaweka kitenzi katika wingi bila kutaja mtu, kama sisi tunavyosema “wanasema kesho kuna mvua”.

Ufunguo huo mmoja ulifungua milango miwili mingine katika karatasi ileile. “Mama ha detto lui” ilikuwa ni “akamwambia”. Tazama kitenzi “ambia”: -i- imo humo. Basi ni “gli ha detto”, na kama angeambiwa mwanamke ingekuwa “le ha detto”. Na “io sono stata data il lavoro” ilikuwa ni “nikapewa kazi”. Hapa lazima nieleze vizuri, maana ndipo Kiswahili na Kiitaliano vinapoachana kweli. Kwetu anayepewa anaweza kuwa mtenda wa sentensi: nimepewa, nimeletewa, nimepikiwa, nimefiwa. Katika Kiitaliano sanifu haiwezekani. Kinachoweza kukaa kwenye kiti hicho ni kile kitu kilichotolewa, na mpokeaji anabaki pembeni na kineno chake: “mi è stato dato un compito”, au kwa wepesi zaidi, “mi hanno dato un compito”. Ile “sono stata data” aliyoandika inasema binti mwenyewe alitolewa akapewa mtu. Hata hivyo nilipiga mstari mzuri chini ya herufi ya mwisho ya “stata”, kwa sababu aliandika -a akijua anayesema ni msichana, na kule kwa mjomba aliandika “stato” kwa -o. Lugha yetu haina uke na uume katika vitenzi, kwa hiyo kulikumbuka hilo katikati ya sentensi ngumu ni kazi, na aliyeifanya anastahili kuambiwa.

Nilimpa na mfano ambao haumo kwenye kifungu, kwa kuwa siku moja atauhitaji. “Nimefiwa na baba.” Wako waliowahi kuniandikia “sono stato morto da mio padre”, ambayo mgeni akiisoma hajui nani amekufa na nani ameua. Chukua -i- iliyo ndani ya “fiwa” uipeleke inakokwenda: “mi è morto il padre”. Baba amekufa, na kifo hicho kimenifikia mimi. Sijui fasiri nyingine iliyo karibu na “nimefiwa” kuliko hiyo.

“Io piaccio molto il pesce” niliirudisha hivi: “Mimi nawapendeza sana samaki.” Hapa mtu aliyepitia Kiingereza anasumbuka sana, anaambiwa akariri kwamba “piacere” ni kitenzi kinachokwenda kinyumenyume. Anayetoka kwenye Kiswahili hana haja ya kukariri. Tunacho kitenzi chenyewe, ni “kupendeza”. Shati linanipendeza, “la camicia mi piace”. Mashati yananipendeza, “le camicie mi piacciono”. Anayefanya kazi ni shati, na mimi nimo ndani ya kitenzi kama -ni-. Ukiacha “napenda” na kupita njia ya “kananipendeza, linanipendeza, yananipendeza”, umoja na wingi vinakuja vyenyewe. Samaki wa mama, basi: “mi piace molto il pesce di mia madre”.

Yakabaki “hodi” na “karibu chakula”. Hodi aliiacha kama ilivyo, akiamini hakuna Mzungu mwenye neno hilo. Waitaliano wanalo. Akifika kizingitini kwa mtu, hata mlango ukiwa wazi, Mwitaliano mwenye adabu husema “Permesso?” au “È permesso?”, na mwenyeji humjibu “Avanti!” Ni hodi na karibu bila kupungua. Katika sentensi yetu “ha bussato” peke yake inatosha, kwa kuwa “kubisha” imeshabeba hodi yote.

Pembeni ya “Benvenuto cibo” niliandika: “Ewe chakula, karibu!” Sikuhitaji kusema zaidi. Lakini alidhani jibu litakuwa kwamba desturi hiyo haipo Ulaya, kwamba mgeni akikukuta unakula basi. Nchini Italia ipo. Mtu akitokea watu wako mezani anaambiwa “Vuoi favorire?”, na kama ni mtu wa kuheshimiwa, “Vuole favorire?” Naye kwa kawaida, kama kwetu, anakataa kwanza kwa upole: “Grazie, buon appetito.” Mama akimwambia kaka yake atasema “vuoi”. Binti akimwambia mgeni wa hotelini atasema “vuole”, kwa kuwa hiyo “vuole” ndiyo inayobeba heshima ambayo sisi tungeiweka kwenye “shikamoo” au “mzee wangu”.

Njia hii ya kurudisha ina kikomo chake, na mwalimu asiyekijua atawaacha wanafunzi na makosa wasiyoyaona. Kiswahili hakina vile vineno “il”, “lo”, “la”, “un”. Ukirudisha “Zio ha indossato” na “Lo zio ha indossato” utapata Kiswahili kilekile, mjomba ni mjomba. Kasoro inapotea njiani. Kwa makosa ya aina hiyo naandika jibu waziwazi juu ya neno, bila fumbo. Msaada mdogo tulio nao ni kiambishi cha mtendwa: “nimeona simu” mara nyingi ni “ho visto un telefono”, na “nimeiona simu” ni “ho visto il telefono”, ile tunayoijua. Mengine ni kusoma sana.

Vivyo hivyo tahajia. “Mama” kwa m moja niliirekebisha kila mahali, kwa sababu konsonanti maradufu katika Kiitaliano zinabadilisha maana. “Ho sete” ni nina kiu. “Sette” ni saba. “Casa” ni nyumba, “cassa” ni mahali pa kulipia. Wanafunzi husema hawaisikii tofauti. Mwambie aseme “ni mmoja” haraka. Midomo imefungwa ikakaa kidogo kabla ya kufunguka, na hiyo ndiyo “mm” ya “mamma”.

Yapo niliyoyaacha makusudi. “Portare acqua” bila “l’” si kosa la kumtia mtu aibu. “Lavoro” kwa kazi ndogo ya nyumbani nilimtajia kwa mdomo tu kwamba “compito” inafaa zaidi, kwa kuwa “lavoro” inanukia ajira. Na “mi dispiace molto”, “al mercato” na “mio zio” niliziwekea alama ya vema moja moja, kila moja na sababu yake. “Al” ameunganisha “a” na “il” ipasavyo. “Mio zio” hakuitanguliza “il”, kwa kuwa ndugu mmoja akitajwa na umiliki wake haihitajiki. Nisingeandika “vizuri sana” juu ya karatasi nzima wakati mjomba bado anafika saa nane za usiku. Angeniamini, na barua ya kwanza kwa mgeni ingemfedhehesha.

Siku mbili baadaye akaleta ya pili, ameiandika upya yote: “Ieri sera alle otto mio zio ha bussato alla porta. La mamma stava cucinando il riso. Lo zio portava un kanzu bianco ed era stanco. Ha detto: ‘Mi hanno rubato il telefono al mercato’. La mamma gli ha detto: ‘Mi dispiace molto. Vuoi favorire?’ Mi hanno dato il compito di portare l’acqua. Mi piace molto il pesce della mia mamma.”

Mwishoni ameandika “della mia mamma” badala ya “di mia madre” niliyompa, akiogopa kwamba amevunja kanuni ya ndugu aliyoishika vizuri kwa “mio zio”. Hajaivunja. Kwa “mamma” Waitaliano wenyewe husema “la mia mamma” kila siku, kwa hiyo sikuigusa.